Kurudia data makusudi: ripoti inakimbia, nakala nani ataitunza?

Tuchukue muuzaji wa jumla wa Kariakoo mwenye matawi mengine mawili, Mbagala na Tegeta. Kila kinachouzwa kinaingia kama mstari kwenye jedwali la `mauzo`. Majina ya bidhaa na ya matawi yako kwenye majedwali yao. Ndivyo Edgar Codd alivyofundisha tangu 1970: jambo moja liandikwe mahali pamoja. Tatizo ni ripoti ya mwezi. Kila ikifunguliwa, mashine inajumlisha mamilioni ya mistari upya.

Kwanza hakikisha safu ya tarehe ina faharisi. Ripoti nyingi zinapona hapo hapo. Kama faharisi haitoshi, tengeneza jedwali la `muhtasari` lenye jumla ya kila siku kwa kila tawi na kila bidhaa. Bidhaa 400 katika matawi matatu kwa siku 30 hazizidi mistari 36,000, na hiyo inasomwa upesi mno. Anayesema kurudia data ni uvivu wa kupanga hajasubiri ripoti huku bosi amesimama nyuma yake.

Lakini sasa jumla iko mahali pawili. Tarehe 3 mteja wa Mbagala anarudisha katoni 20 za sabuni alizonunua tarehe 28, na keshia anafuta mstari ule wa mauzo. `mauzo` yako sahihi; `muhtasari` bado unazihesabu. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Mhasibu ndiye atakayeligundua, tena siku stakabadhi zitakapokataa kulingana na ripoti.

Wengine hujibu kwa kuufanya muhtasari ujirekebishe kila mauzo yanapoingia. Hapo gharama inahamia kaunta: makeshia wawili wa tawi moja wakiuza sabuni ileile kwa wakati mmoja wanagombea mstari mmoja, na mmoja lazima amsubiri mwenzake. Mimi siikubali njia hiyo kwa duka lenye foleni. Afadhali muhtasari ubebe siku zilizofungwa tu, uandikwe usiku, na mauzo ya leo yasomwe kwenye jedwali lenyewe. Siku ya nyuma ikiguswa, futa muhtasari wake wote na uijumlishe upya. Ukitoa na kuongeza vipande, kazi ikikatika katikati na kurudiwa, katoni zilezile zitatolewa mara mbili.

Kisha kila asubuhi, kabla ya mauzo kuanza, linganisha:

```sql
SELECT siku, SUM(kiasi) FROM mauzo GROUP BY siku
EXCEPT
SELECT siku, SUM(jumla) FROM muhtasari GROUP BY siku;
```

Siku yoyote inayotokea hapo imepishana.

Bei iliyoandikwa ndani ya mstari wa mauzo isihesabiwe kuwa marudio. Ile ni bei ya siku ile, na sabuni ikipanda kesho haipaswi kubadilika. Jina la kundi la bidhaa ndilo gumu: ukilinakili kwenye kila mstari, kisha sabuni ikahamishiwa kundi jingine, mwenye duka aamue kama ripoti za mwaka jana nazo zihame. Swali hilo aulizwe kabla ya safu kuongezwa.