Salamu nizikatie wapi?

Watafsiri wenzangu wengi wana kanuni moja: barua pepe ya Kiswahili ikija na salamu za aya nzima, futa zote, weka jina la mpokeaji, ingia kwenye hoja. Wanasema Kiingereza cha biashara hakina muda. Ni kweli hakina, lakini kanuni hiyo siikubali. Aya ile tunaiita salamu kwa sababu tu imekaa mwanzoni. Ndani yake mara nyingi mna mambo ambayo mwandishi ameona ayaseme kwa upole kabla hajafika kwenye shida yake.

Nichukue barua moja niliyoitafsiri, ya muuzaji akimwandikia mnunuzi wake wa ng'ambo. Ilianza hivi:

"Ndugu yangu, salaam. Ni matumaini yangu u mzima wa afya na unaendelea vema na majukumu. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Pole sana kwa kufiwa na mama. Pole pia kwa mzigo kuharibika njiani. Ni siku nyingi hatujasikiana, nikaona nikujulie hali. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukukumbusha ile ankara."

Kila sentensi naiuliza swali moja: je, ingeweza kuandikiwa mtu yeyote? Ya afya na majukumu, ndiyo. Za namna hiyo huwa nazibana zikawa sentensi moja fupi ya kumtakia heri. "Sisi huku hatujambo" naiacha kabisa. Kwetu salamu ina pande mbili, na anayemjulia mwenzake hali hutoa na ya kwake, lakini msomaji wa Kiingereza hakuuliza. Atabaki akijiuliza kwani kulikuwa na nini. "Baada ya salamu" nayo inaanguka, maana kazi yake hufanywa na kichwa cha barua pepe.

Msiba haukatwi. Huo anaandikiwa mtu huyu mmoja tu, kwa hiyo nikauweka mwanzo, kwenye aya yake, mbali na habari za pesa. Na kwa kuwa upo, hata ile sentensi ya heri nikaitoa: kumwambia mfiwa kwa Kiingereza kwamba unatumaini yu salama, halafu mstari unaofuata umpe pole, kunasomeka kana kwamba umekumbuka msiba wake katikati ya kuandika.

Pole ya pili ndiyo yenye mtego, nami niliwahi kunaswa nayo. Kwetu pole ni kushiriki machungu ya mwenzako, hata kama huhusiki. Mwenye kosa huomba radhi au husema samahani. Kiingereza hutumia "sori" kwa yote mawili. Zamani nilitafsiri pole ya namna hii kwa "sori" tupu, na jibu lililorudi lilikuwa la kuuliza fidia itakuwa kiasi gani. Mteja wangu hakuwa amekiri kosa lolote, mimi ndiye niliyemkirisha. Siku hizi naandika kwamba tumesikitika kupata habari kuwa mzigo uliharibika njiani. Hapo mwandishi anabaki kuwa mtu aliyepokea habari mbaya, na huruma yake haijapotea.

Sasa tazama "ni siku nyingi hatujasikiana". Ukiipitia haraka utaikata pamoja na habari za afya. Lakini anayesema hivyo ni mtu anayedai, na anamwambia mdaiwa wake kwa heshima kwamba amenyamaza mno. Nilimuuliza muuzaji huyo barua yake ya mwisho aliituma lini, akanitajia tarehe, nikaiweka kwenye aya ya ankara: tulikuandikia tarehe fulani, hatujapata jibu. Salamu ikawa hoja, na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Kuna kazi ambayo haya yote hayafai. Tafsiri ikihitajika kama ushahidi katika mgogoro, hukati neno, hata "hatujambo" inakwenda ilivyo, kwa kuwa anayeisoma anataka kujua kilichoandikwa.

Nilipomrudishia mteja wangu rasimu pamoja na maelezo ya nilichokata na sababu yake, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, umenifanya niingie nyumba ya watu bila hodi." Nikamweleza kwamba kwa Kiingereza uchangamfu hukubalika zaidi mwishoni, shida ikishasemwa. Tukaongeza mstari mmoja juu ya jina lake, wa kumtakia mnunuzi na familia yake faraja. Akausoma mara mbili, akasema itume.