Laki Tano za Rafiki: Zihesabu Zimekwenda, Kisha Ziandikie Mkataba

Rafiki anaanzisha kampuni, anaomba shilingi laki tano za Kenya, anaahidi hisa. Mwenzake anakubali, ila anaongeza: "Nakupa, lakini kwangu hizi nazihesabu zimepotea." Mara nyingi kauli hiyo humchoma mwombaji. Huisikia kama dua mbaya, au kama mtu anayetoa sadaka kwa shingo upande. Nadhani wanaosema hivyo huonewa.

Wanaopinga wana hoja, na si hoja dhaifu. Mwaka 1995 Jeff Bezos aliwaomba wazazi wake na watu kadhaa wa karibu mtaji wa kuanzisha Amazon, na waliokubali wakavuna mali isiyosemeka. Tena, wanasema, benki haimkopeshi mwenye wazo tupu asiye na hati ya shamba. Asipoaminiwa na marafiki, nani atamwamini? Na mtu aliyekwisha kuzika pesa zake hatauliza hesabu, hivyo mwanzilishi atalegea.

Kinachosahaulika katika kisa cha Amazon ni kwamba Bezos mwenyewe aliwaambia wawekezaji wake wa kwanza kuwa uwezekano wa kupoteza pesa zote ulikuwa asilimia 70. Yaani aliyefanikiwa kuliko wote ndiye aliyewatangulizia marafiki zake kauli hii tunayoiita ya kukatisha tamaa.

Takwimu ninayoirudia kila mara ilitolewa Marekani mwaka 2007 na Robert Wiltbank na Warren Boeker. Walichunguza uwekezaji 1,137 wa wawekezaji malaika, yaani watu binafsi wanaoweka pesa zao katika kampuni changa, wote ukiwa umefika tamati: kampuni imeuzwa, imeingia soko la hisa au imefungwa. Kwa wastani pesa zilirudi mara 2.6 katika miaka mitatu na nusu hivi. Wastani huo unavutia. Lakini asilimia 52 ya uwekezaji ulirudisha pungufu ya kilichowekwa, na asilimia 7 tu, ile iliyozaa mara kumi na zaidi, ndiyo iliyobeba takriban robo tatu ya pesa zote zilizorudi.

Tuitafakari hiyo asilimia 7 taratibu. Wastani wa mara 2.6 ni wa kundi zima, na aliyeweka pesa katika kampuni moja hana kundi. Tuseme kila kampuni ina nafasi 7 kati ya 100 ya kuwa miongoni mwa zile chache. Mwenye kampuni kumi atakuwa na nafasi kama nusu kwa nusu ya kupata angalau moja. Mwenye ishirini atafika kama asilimia 77. Mwenye moja, ya rafiki yake, anabaki na 7 ileile. Na wale waliochunguzwa walikuwa wanachama wa vikundi rasmi, watu wenye mazoea ya kuchambua biashara. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliotumia zaidi ya saa 20 kuichunguza kampuni kabla ya kutoa pesa walipata faida kubwa kuliko waliotumia chini ya hapo. Sasa nani humwomba rafiki wa tangu sekondari taarifa za benki za mwaka mzima, kisha akawapigia simu wateja wake watano? Urafiki wenyewe ndio unaotufanya turuke hatua iliyowasaidia wengine.

Wengi hudhani pesa hupotea kampuni inapokufa tu. Zinaweza kupotea hata kampuni ikiuzwa kwa bei ya kutajwa magazetini. Chukua laki tano zetu, zinunue asilimia 5 ya kampuni. Baada ya mwaka inakuja mifuko ya uwekezaji, inaweka milioni 20 na kuchukua asilimia 20 kwa hisa mpya. Hisa zako hazikupungua idadi, lakini sehemu yako imeshuka hadi asilimia 4. Raundi ya pili ya kukusanya mtaji inaleta milioni 80, asilimia 20 nyingine inakwenda, nawe unabaki na 3.2. Hapo kampuni inathaminiwa milioni 400, na kwa karatasi unamiliki milioni 12.8. Huu ndio wakati watu huanza kuchora ramani ya nyumba.

Ila mifuko ile haikununua hisa za kawaida kama zako. Hisa zao huwa na kipaumbele: kampuni ikiuzwa, hurudishiwa kwanza walichoweka, yaani milioni 100. Biashara ikiyumba, kampuni ikauzwa kwa milioni 90, zote ni zao. Wewe unapata sifuri, na mwanzilishi naye hapati kitu kwa hisa zake. Hakuna aliyeibiwa. Ndivyo mikataba ilivyosainiwa.

Kampuni ikifa kabisa, foleni huwa ndefu zaidi. Wakopeshaji wenye dhamana, mishahara ya wafanyakazi, kodi, wauzaji wanaodai, na wenye hisa mwisho kabisa. Copia, kampuni ya Kenya ya biashara ya mtandaoni, ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Ikiwa mtaji wa ukubwa huo hauzuii anguko, laki tano zisidhaniwe kuwa nguzo.

Na ukitaka kutoka mapema, umuuzie nani? Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inaitaka kampuni binafsi iweke mipaka katika uhamishaji wa hisa, wala hakuna soko la kuzipeleka. Ada ya shule haisubiri raundi ya tatu.

Turudi kwa hoja ya kulegea, maana hiyo ndiyo iliyo na uzito. Kuzihesabu zimepotea ni jambo la bajeti ya nyumbani: usitoe ada, usitoe akiba ya matibabu, usikope chama ili ukawekeze. Si ruhusa ya kuacha karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pesa nyingi za marafiki hutumwa kwa M-Pesa bila kuandikwa kama ni mkopo, hisa au msaada. Miaka miwili baadaye unaomba CR12 ya kampuni, hati ya msajili inayotaja wenye hisa, jina lako halimo. Hapo tatizo si hatari ya biashara tena. Huna hata cha kupoteza kisheria.

Basi andikianeni mkataba wa ukurasa mmoja au miwili, na ukubaliane na rafiki yako kupata taarifa kila robo mwaka yenye namba mbili tu: pesa zilizobaki benki na zinazotumika kwa mwezi. Milioni 3 zikiwa benki na laki 6 zikitoka kila mwezi zaidi ya zinazoingia, imebaki miezi mitano. Taarifa ikianza kuchelewa, makato ya PAYE na NSSF ya wafanyakazi yasipopelekwa, na "raundi inafungwa wiki ijayo" ikasemwa kwa mwezi wa tatu mfululizo, ujue hali ilivyo hata kabla hujaambiwa.

Ombi la pili huja wakati huohuo. "Niongeze laki mbili, tusipoteze zile za kwanza." Aliyeziweka zile tano katika hesabu za nyumbani kama mali yake atatoa, kwa sababu anaokoa. Aliyezihesabu zimekwenda anauliza tu swali la mgeni: kama ningekuwa sijawahi kuweka senti hapa, leo ningeweka laki mbili? Wiltbank na Boeker walikuta kwamba walioongeza pesa katika kampuni ileile walipata faida ndogo kuliko wasioongeza. Kwa rafiki, kusema hapana mara ya pili ni rahisi zaidi kama mara ya kwanza ulimwambia wazi kwamba hizi ndizo zote.