Saa tatu usiku ya Kampala ni saa ngapi Boston?

Kipindi chetu cha Kiswahili tunakirekodi Kampala mara moja kwa juma na kukitoa kama podikasti na kama video ya YouTube, na kwa miezi kadhaa tumebishana kuhusu saa ya kukitoa. Mhariri wetu alishikilia saa kumi na mbili asubuhi, ili watu walio kwenye teksi kutoka Mukono na Entebbe wapate cha kusikiliza njiani. Mimi nilitaka saa tatu usiku, kwa ajili ya ndugu zetu walio nje. Ilichukua muda kutambua kwamba yeye alikuwa akiwaza sauti na mimi nikiwaza picha.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Saa tatu usiku Kampala, Goma ni saa mbili usiku, Riyadh ni saa tatu kama sisi, Dubai saa nne usiku. Wakati wa baridi London huwa saa kumi na mbili jioni na Boston saa saba mchana. Hakuna aliyelala. Kwa saa ya mhariri, London ni saa tisa usiku, na Boston bado wako jana, saa nne usiku.

Lakini kwa podikasti, mtu wa London kuwa amelala si hasara. Programu ya simu yake huikagua yenyewe milisho, yaani faili linaloorodhesha vipindi vyetu, hupakua kipindi kipya, naye anakikuta akiamka. Anayehitaji kuwahiwa ni abiria wa Mukono, ambaye angependa kupakua kwa waifai ya nyumbani kuliko kumaliza bando barabarani. Na kwa kuwa programu hazikagui milisho zote kwa dakika ileile, hata saa kumi na mbili imechelewa. Tulikubaliana saa kumi alfajiri. Hapo mhariri alishinda, tena kwa kunizidi.

Video ni habari nyingine. YouTube wenyewe husema saa ya kuchapisha haijulikani kuathiri moja kwa moja utazamaji wa muda mrefu. Kwa hiyo video ya kawaida ipakie mapema, ubora wa juu uwe umeshachakatwa kabla watu hawajafika, halafu usikose usingizi. Saa huwa na uzito pale unapotumia Premiere, watu wakitazama pamoja na kuandikiana humo humo. Hapo asiyekuwepo amekosa nusu ya kipindi, na saa tatu usiku inajitetea, hasa Jumapili, siku ya mapumziko Boston, London na hata Dubai. Riyadh mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo kwa dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani huko, Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Hao nakiri saa yangu haiwatendei haki.

Grafu ya `When your viewers are on YouTube`, iliyo kwenye takwimu za chaneli, haitatui ubishi huu. Inaonyesha siku 28 zilizopita kwa saa za mwenye chaneli, watazamaji wote wakiwa wamechanganywa. Kama wengi wako Uganda, itakuonyesha usiku wa Uganda, na watu wa Boston watafunikwa.

Kisha kuna Machi. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima. Marekani husogeza zao Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Katikati hapo saa tatu yetu inakuwa saa nane mchana Boston huku London ikibaki saa kumi na mbili jioni, kisha nayo inahamia saa moja. Wapo wanaofuata saa ya ng'ambo na kuhamisha kipindi nyumbani. Mimi naona ni afadhali Kampala ibaki palepale na tangazo la Machi liwataje wa nje kwa miji yao.

Lililotuumiza zaidi, hata hivyo, halikutoka ng'ambo. Tulimwambia kijana wetu "weka saa mbili usiku", akaandika `02:00`. Kipindi kikatoka saa nane usiku, mji wote umelala. Sasa tunaandikiana kwa tarakimu tu, `20:00`, na kwenye milisho tunakagua mwisho wa tarehe:

```
<pubDate>Mon, 06 Apr 2026 04:00:00 +0300</pubDate>
```

Ikiishia `+0000`, yaani saa za London wakati wa baridi, hiyo ni saa moja asubuhi ya Kampala, na teksi zimeshaondoka.

Kujua kama saa mpya imesaidia, tuliacha siku, urefu na aina ya mada vilevile kwa vipindi sita, tukabadilisha saa tu. Usiangalie idadi ya saa moja ya kwanza baada ya kutoka, hiyo hufurahisha bure. Linganisha saa ya zamani na mpya kwa jumla ya watu hadi siku ya kwanza, kisha hadi siku ya saba. Ya kwanza ikipanda na ya saba ikibaki ilivyokuwa, umewawahisha watu walewale ambao wangekuja hata hivyo. Kwenye video zetu za kawaida ndivyo ilivyokuwa, na mhariri hajaacha kunikumbusha.