Usimpe mtunza stoo namba ya mfumo

Mfumo unasema katoni 214 za mafuta ya alizeti, stoo wamehesabu 192. Wengi wetu wa ofisini hapo hapo tunaandika: "Kuna upungufu wa katoni 22, naomba maelezo." Mimi siupendi ujumbe huo hata kidogo. Umeshamwita mtu mwizi kwa lugha ya kistaarabu, halafu umempa na namba. Akijua unataka 214, ataitafuta mpaka ipatikane, au atakurudishia 192 ileile bila kuinuka kwenye kiti.

Ghala letu liko Kizota, mimi niko mjini. Nilimwandikia hivi:

"Shikamoo mzee, pole na kazi. Naomba tuhesabu upya alizeti ya lita moja kabla gari la asubuhi halijaanza kupakia. Katoni nzima ziwe peke yake, chupa za katoni zilizofunguliwa peke yake, zilizovuja peke yake. Kisha nipigie picha kadi ya stoo, pamoja na hati ya mwisho ya kutoa na ya mwisho ya kupokea."

Hizo hati za mwisho nazing'ang'ania kwa sababu mzigo uliotoka jioni na kuingizwa kwenye mfumo kesho yake huleta tofauti ambayo haipo. Safari hii hazikuwa na tatizo.

Hesabu ikarudi 192, na kadi nayo ikasoma 192. Mali na kadi vikikubaliana, mzee mwache apumzike. Tafuta kwenye mfumo.

Nikageuza katoni 22 kuwa chupa. Katoni ni chupa 12, kwa hiyo 264. Nikagawa kwa 11, ikatoka 24 kamili. Kwa nini 11? Ukitoa katoni moja lakini karani akaandika chupa moja, mfumo unapunguza chupa 1 badala ya 12, na 11 zinabaki hewani. Kwa hiyo nilitafuta hati ya katoni 24. (Kugawanyika kwa 11 si ushahidi, maana inaweza kutokea kwa bahati tu. Inakuonyesha pa kuanzia.)

Hati ilikuwepo: katoni 24 zimehamishiwa duka la Kibaigwa. Kwenye mfumo idadi ni 24, kipimo ni chupa.

Hapo kuna kishawishi cha kuingiza marekebisho ya kupunguza katoni 22 Kizota na kwenda kunywa chai. Ukifanya hivyo, stoo inabaki na rekodi ya hasara, na Kibaigwa wana chupa 264 za ziada ambazo hazina mwenyewe. Futa uhamisho wenye kosa, uingize upya kwa kipimo cha katoni.

Kabla ya kufuta, nilimpigia dada wa Kibaigwa ahesabu rafu na stoo yake ndogo, naye bila kumtajia namba. Ziada yake ikiwa 264, faili limefungwa. Ikiwa 252, kuna katoni moja ya kumuuliza dereva.