Kuchora kwa skeli au kutumia vijenzi: kamba mbili na sanduku moja

"Mwalimu anataka tuchore kani kwa skeli, lakini kaka yangu anasema hiyo ni kupoteza muda, nizigawe tu kwa sini na kosini. Swali ni sanduku la kilo 20 lililoning'inizwa darini kwa kamba mbili, ya kushoto digrii 30 kutoka mlalo, ya kulia digrii 45. Nimsikilize nani?" (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Embakasi)

Kwa jibu la mwisho, nipo upande wa kaka. Ila mwalimu ana hoja ambayo kaka hajaiona, na inajitokeza vizuri katika swali hilihili.

Anza na mchoro wa fundo, pale kamba zote zinapokutana. Weka nukta moja katikati ya karatasi. Kutoka hapo chora mshale wa kwenda chini, uzito wa niutoni 200 (tukichukua g = 10). Mshale wa pili, T1, unapanda kushoto ukiwa digrii 30 juu ya mstari wa mlalo. Wa tatu, T2, unapanda kulia kwa digrii 45. Dari, misumari na sanduku lenyewe havina nafasi hapa.

Njia ya kaka inaugawa kila mshale wa kamba mara mbili: kijenzi cha mlalo na kijenzi cha wima. Vichore kwa mistari ya nukta nukta, kwa sababu vinachukua nafasi ya mshale wa asili. Ukiuhesabu mshale pamoja na vijenzi vyake, umeihesabu kani moja mara mbili. Fundo limetulia, kwa hiyo ya kushoto yalingane na ya kulia, ya juu yalingane na ya chini:

```
T1 cos 30 = T2 cos 45
T1 sin 30 + T2 sin 45 = 200
```

Sini na kosini ya 45 ni sawa, hivyo T2 sin 45 nayo ni 0.866 T1. Mlingano wa pili unakuwa 1.366 T1 = 200. T1 ni niutoni 146.4, na T2 ni 179.3.

Njia ya mwalimu inaunganisha mishale kichwa kwa mkia. Kwa skeli ya sentimita 1 kwa niutoni 20, uzito ni mstari wa sentimita 10 kwenda chini. Kutoka ncha yake ya chini, panda kulia kwa digrii 45. Kutoka ncha ya juu, shuka kulia kwa digrii 30 chini ya mlalo. Mistari inapokatana, pembetatu imefunga. Utapima takriban 9.0 na 7.3, yaani niutoni 180 na 146. Milimita moja ya rula ni niutoni 2, kwa hiyo desimali usizitafute hapa.

Sasa angalia kosa ambalo wanafunzi hulifanya kila muhula: kubadilisha sini na kosini, hasa pembe inapopimwa kutoka wima. Ukizibadilisha katika swali hili, T1 inatoka 146.4 vilevile, lakini T2 inakuwa 103.5. Jibu moja ni sahihi kabisa, basi mtu anatulia, na hesabu yenyewe haimshtui kwa lolote. Pembetatu ndiyo inayomshtua. Inaonyesha wazi kuwa upande wa T2 ni mrefu kuliko wa T1, maana kamba iliyosimama zaidi ndiyo inayobeba zaidi. Hata mchoro wa penseli usio na rula ungemwonya, na ndiyo maana ningeuchora kwanza, kabla ya kugusa kikokotoo.

Udhaifu wa skeli unaonekana kamba ikikaribia kulala. Chukua kamba ya kuanikia nguo kati ya kuta mbili kwenye gorofa za Pipeline, na blanketi lililolowa la kilo 10 katikati, kamba ikishuka digrii 5 tu kila upande. Vijenzi vinasema 2T sin 5 = 100, hivyo kila upande unavutwa kwa niutoni 574, karibu mara sita ya uzito wa blanketi. Kwa skeli ileile, pembetatu inakuwa na msingi wa sentimita 5 na pande za karibu 29. Mistari inakutana kwa ncha nyembamba sana, hata huwezi kusema kwa hakika imekatana wapi.

Hapo kaka ameshinda, mradi digrii 5 zimetolewa kwenye swali. Kama pembe umeipima mwenyewe kwa protakta na kumbe ni 6, mvuto halisi ni 478. Kosa la digrii moja limekupotosha kwa karibu niutoni 100, na kosa hilo vijenzi haviliondoi. Katika swali la namna hiyo, pima kamba inashuka sentimita ngapi na ukuta uko umbali gani, kisha utafute sini kutokana na urefu huo.