Binti wa Mapokezi Aliyeitwa Meneja wa Ushuru

Mimi ni mtafsiri. Mwezi uliopita binti mmoja wa mtaa wa Sakina aliniletea mkataba wake wa kazi ya hoteli, nakala ya Kiingereza juu, ya Kiswahili chini, zimebanwa pamoja kwa pini. Ile ya Kiingereza ilimwita "Duty Manager", ile ya Kiswahili "Meneja wa Ushuru". Kwetu Arusha ukitaja ushuru watu wanaona mpaka wa Namanga, malori na foleni. Huyu yuko mapokezi. Aliyetafsiri alifungua kamusi, akakuta dyuti ni ushuru wa forodha, akalibandika hapohapo.

Dyuti ya hoteli ni zamu. Meneja mkuu akishaenda kulala, lazima abaki mtu mmoja wa kuulizwa: umeme umekatika na jenereta haliwaki, mgeni kafika usiku wa manane akitokea uwanja wa ndege wa KIA na chumba chake kapewa mwingine. Mimi huandika "meneja wa zamu". Kwa huyu binti nilisita, maana neno meneja lina uzito wake kisheria.

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, ovataimu hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Kinga hizo hazimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa mtu wa uongozi wa juu. Ndiyo maana wapo waajiri wakarimu sana wa umeneja. Mshahara unabaki uleule, ovataimu inayeyuka.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nikamuuliza maswali.

"Ukitaka kumrudishia mgeni hela, unaamua mwenyewe?"

"Hapana anko, nampigia meneja, hata kama ni saa 8 usiku."

"Ratiba ya zamu nani anapanga?"

"Mkuu wa mapokezi. Na ripoti ya asubuhi nampa yeye."

Ana funguo kuu, anaandika daftari la matukio, anawatuma wahudumu wa usiku. Huo ni usimamizi wa kweli. Ila anaripoti kwa mkuu wa mapokezi, ambaye naye hatungi sera ya hoteli. Kwangu mimi huyo ni "msimamizi wa zamu", na saa zake za usiku zina hesabu. Kumbe hata jina peke yake halitoshi kumnyima, kwa kuwa sheria inatazama kazi anayoifanya na anayemripotia. Lakini mfanyakazi aliyesoma "meneja" kwenye mkataba wake mara nyingi haendi kudai.

Mtafsiri hana mamlaka ya kumshusha mtu cheo, kwa hiyo nilimwandikia mwajiri kueleza sababu. Walitaka neno meneja libaki, maana wageni wakilalamika hupenda kusikia wanaongea na meneja. Sawa. Tukakubaliana "Meneja wa Zamu", na chini yake mstari mmoja: "Anaripoti kwa Mkuu wa Mapokezi." Ule mstari kwangu una thamani kuliko cheo chenyewe.

Walinipa na orodha ya vyeo vingine. Konsyeji alikuwa "bawabu". Hilo lina asili yake, kwani Ufaransa konsyeji wa jengo la kupanga ndiye mlinda mlango. Wa hotelini ni mwingine kabisa, na wale wa chama chao cha kimataifa, kilichoanzia Paris mwaka 1929, utawajua kwa funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye ukosi wa koti. Hapa Arusha anatafuta gari la kwenda Karatu alfajiri, anahakikisha lanchiboksi zimefungwa, anamtafutia mgeni daktari. Nikaandika "mhudumu wa mahitaji ya wageni". Refu, najua. Anayemwona mlangoni akiitwa bawabu atampa begi abebe.

Su-shefu ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu kosa lake linaonekana sahihi: "msaidizi wa mpishi". Hoteli moja ya Moshi ilibandika tangazo lenye maneno hayo, wakaja vijana wazuri wa kumenya viazi na kuosha masufuria. Waliyemtaka ni mtu wa kuagiza nyama na mboga, kupanga zamu za jikoni, kukagua kila sahani kabla haijatoka, na kuliongoza jiko zima siku shefu hayupo. Kwa Kifaransa shefu ni mkuu, na su ni chini ya. Yuko chini ya mkuu, juu ya wapishi wote. Nikaandika "Naibu Mkuu wa Jiko".

Jikoni wenyewe wanaendelea kumwita su, na mtu akiita "su!" hakuna anayekosea nani anaitwa. Sikugusa hapo. Mkataba ndio niliourekebisha.