Mdaiwa mkubwa wa baba anaitwa Mimi

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Tandahimba na kazi moja: kuhamisha madeni ya duka la baba kutoka kaunta buku kwenda kwenye Excel ya simu yangu. Kaunta buku zilikuwa tatu, zimekaa chini ya meza karibu na mafuta ya kupima, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeshaanza kung'aa kwa mafuta.

Nilianza kama nilivyofundishwa. Jina, tarehe, bidhaa, deni, alicholipa, salio. Kisha nikaweka safu ya siku zilizopita, na kila deni lililovuka siku 30 ligeuke jekundu. Nikamaliza kuingiza kurasa kumi na mbili, nikatazama: karatasi nzima nyekundu kama imevuja damu.

Baba akachungulia. "Mbona umewakasirikia wote?"

Hapo nikaona nilikokosea. Huku kwetu mkulima hana mwezi, ana msimu. Anakopa salfa ya mikorosho na sukari kuanzia katikati ya mwaka, anaokota korosho kuanzia Septemba au Oktoba, anapeleka chama cha msingi, mnada unapita, ndipo hela inaingia benki. Deni la Juni kulipwa Novemba halijachelewa. Msimu wa 2018 bei ilipopangwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wengi yalivuka hadi mwaka uliofuata. Kwenye daftari la wakati huo baba ameandika juu ya ukurasa neno moja: *Tunasubiri.*

Kwa hiyo nikafuta siku 30. Nikatenga seli moja, H1, ya kuandika tarehe ambayo hela ya korosho imeingia kwa watu. Deni linahesabiwa limechelewa baada ya hapo tu:

```
=IF(AND($H$1<>"",TODAY()>$H$1),D2-E2,0)
```

D ni deni, E ni alicholipa. Hela isipoingia, H1 inabaki tupu na hakuna anayeitwa mchelewaji. Kasoro yake ni kwamba vyama havilipwi siku moja, kwa hiyo wa chama kingine itabidi niwawekee karatasi yao. Hata hivyo inasema kweli kuliko ile nyekundu. Zile programu za kumtumia mteja ujumbe wa kumkumbusha deni kila wiki, mimi sizitaki hapa. Unamkumbusha nini mtu ambaye korosho zake bado ni maua?

Kitu cha pili nilikiona kwa kile ambacho hakipo. Kurasa zote zimeandikwa kwa shilingi. Hakuna deni hata moja lililoandikwa kwa kilo za korosho, na mwenye duka huku anajua faida iliyoko hapo. Chukua deni la 30,000. Ukimbana mtu mwezi wa njaa akubali kulipa kwa korosho za 1,000 kwa kilo, atakuletea kilo 30, na kwa bei ile ya 3,300 umepata 99,000. Hiyo ndiyo kangomba. Baba anasema alishawishiwa mara nyingi. Sikumuuliza na nani, nawafahamu.

Ila kilichonikwamisha siku mbili ni mteja aitwaye Mimi. Unga kilo mbili, Mimi. Mafuta robo, sabuni nusu mche, Mimi. Nilidhani ni matumizi ya nyumbani, lakini hayo yana ukurasa wake, ameyaandika "kwetu". Nikajumlisha:

```
=SUMIF(A:A,"Mimi",D:D)-SUMIF(A:A,"Mimi",E:E)
```

Ikatoka 412,500. Hakuna aliyemfikia. Na kwenye safu ya malipo, Mimi alikuwa amelipa mara tano tu, vijisenti, 2,000 hapa, 500 pale.

"Baba, huyu Mimi ni nani?"

Alikuwa anafunga sukari za robo kwenye vifuko. Hakuinua uso. "Wako wengi. Wale wanaotuma watoto."

Akaeleza huku anaendelea kufunga. Mtoto akitumwa dukani anasimama hapo kaunta, na daftari liko wazi. Darasa la tatu anasoma vizuri. Akiona jina la mama yake limejaza ukurasa, kesho hatumwi tena, na mama atalala njaa kwa aibu. Basi anaandika Mimi. Wenyewe wanajijua, wakipata wanakuja kupunguza.

"Na asiyekuja?"

"Si nimeandika Mimi?"

Nilimwomba anitajie majina, hata kwa safu iliyofichwa. Kimahesabu nilikuwa sahihi: salio lisilo na mwenyewe haliwezi kudaiwa, na mali ya 412,500 ni mtaji wa kuongezea sukari. Akaniuliza kama simu yangu haijawahi kuibiwa. Imewahi, mara mbili.

Nimeacha mstari wa Mimi kama ulivyo, bila rangi. Jana jioni mama mmoja alikuja na 3,000, akaiweka kaunta bila kusema kitu. Baba akanigeukia: "Mwanangu, mpunguzie Mimi."